Hifadhidata imefungwa: nani ameshika kalamu?

Keshia wa kaunta ya pili anabonyeza kitufe cha kuuza. Skrini inaganda kidogo, kisha yanatokea maneno matatu: `database is locked`. Anabonyeza tena, mauzo yanapita. Mchana kosa linarudi mara mbili, na jioni, wateja wanapojaa, linakuwa wimbo. Fundi akiitwa, mara nyingi atasema faili limeharibika, au atashauri programu nzima ihamishiwe kwenye seva kubwa. Kwa kawaida yote mawili si kweli. Faili ni zima, na duka la kaunta mbili halihitaji seva kubwa. Kilichotokea ni kwamba sehemu mbili za programu zimetaka kuandika kwa wakati mmoja, na moja imechelewa kuachia nafasi.

Ili kuelewa kwa nini SQLite inafanya hivi, inabidi kujua ilivyozaliwa. Mwaka 2000 Mmarekani Richard Hipp alikuwa akiandika programu za manowari ya jeshi la majini la Marekani. Programu hizo zilitegemea seva ya hifadhidata, na seva hiyo ikizimika, mtumiaji alibaki na ujumbe wa kosa na hakuna kazi iliyoendelea. Hipp akawaza kwamba programu ingeweza kusoma na kuandika data yake moja kwa moja kwenye faili la diski, bila seva yoyote katikati. Wazo hilo ndilo SQLite, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone.

Lakini seva ilikuwa na kazi moja ambayo watu huisahau: kuwapanga foleni wanaotaka kuandika. Ukiiondoa, hapabaki msimamizi. Kila programu inayofungua faili inajisimamia yenyewe, na njia pekee ya kujua kama mwingine anaandika ni kuuliza mfumo wa uendeshaji wa kompyuta: je, kuna aliyeweka kufuli kwenye faili hili? Jibu likiwa ndiyo, SQLite inarudisha kosa namba 5, lenye jina `SQLITE_BUSY`, nalo ndilo linaloonekana kwenye skrini kama `database is locked`. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Wasomaji wanaweza kuwa wengi kwa pamoja, ila kalamu ni moja kwa faili zima. Haijalishi kwamba huyu anaandika kwenye jedwali la bidhaa na yule kwenye jedwali la wateja. Faili ni moja, mwandishi ni mmoja.

Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuliona kosa hili kwa macho yake. Fungua dirisha la amri, kisha andika:

```
sqlite3 duka.db
CREATE TABLE bidhaa (id INTEGER PRIMARY KEY, jina TEXT, idadi INTEGER);
INSERT INTO bidhaa VALUES (7, 'saruji', 40);
BEGIN IMMEDIATE;
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 2 WHERE id = 7;
```

Usifunge dirisha hilo. Umeanza muamala, umepunguza mifuko miwili ya saruji, lakini hujathibitisha. Sasa fungua dirisha la pili, ingia kwenye faili lilelile, na ujaribu kupunguza mfuko mmoja:

```
UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = 7;
```

Kosa litatokea papo hapo. Ukiuliza kwa `SELECT` kuna mifuko mingapi, utajibiwa 40, kwa sababu kusoma bado kunaruhusiwa na mauzo ya dirisha la kwanza hayajathibitishwa. Kisha andika `.timeout 5000` kwenye dirisha la pili, urudie `UPDATE` ileile. Mara hii haitakataliwa mara moja. Itasubiri hadi sekunde tano. Ukiwahi kuandika `COMMIT;` kwenye dirisha la kwanza kabla muda haujaisha, dirisha la pili litapita bila neno, na hesabu itakuwa 37. Usipowahi, kosa linatokea baada ya sekunde tano.

Katika jaribio hilo dogo kuna jambo ambalo ningependa kila anayeshughulika na programu za aina hii alishike: kabla ya kuuliza kosa limetokea wapi, uliza limetokea baada ya muda gani. Kosa linalokuja baada ya kusubiri na kosa linalokuja papo hapo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine.

Tuanze na linalokuja baada ya kusubiri. Maktaba ya SQLite yenyewe haisubiri kabisa isipoambiwa. Muda wake wa kawaida ni sifuri. Lugha nyingi za programu huongeza muda wao. Python, kwa mfano, husubiri sekunde tano. Kwa hiyo ukiona kaunta ya pili inaganda kwa sekunde tano kamili ndipo ilalamike, ujue kuna mwenzake aliyeshika kalamu kwa zaidi ya sekunde tano. Kwa kompyuta huo ni muda mrefu ajabu. Kuandika mauzo ya bidhaa kumi hakuchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Huyo mwenzake anafanya nini muda wote huo?

Jibu, mara nyingi, ni kwamba haandiki chochote. Anasubiri kitu kingine huku kalamu iko mkononi. Chukua duka la vifaa vya ujenzi linalopokea malipo kwa simu. Programu yake imeandikwa kwa mpangilio unaoonekana wa busara: anza muamala, punguza saruji kwenye stoo, andika mauzo, tuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, subiri jibu, likija thibitisha muamala. Mwandishi wa programu aliona ni salama, kwa kuwa malipo yakigoma muamala unatenguliwa na saruji inarudi stoo yenyewe. Tatizo ni hatua ya kusubiri. Mteja anatoa simu mfukoni, anasoma ujumbe, anaandika namba yake ya siri, anakosea, anarudia. Nusu dakika imepita. Kwa nusu dakika hiyo kaunta ya pili haiwezi kuuza hata msumari mmoja, na ikijaribu, baada ya sekunde tano inapata kosa. Kosa linaonekana kwenye kaunta ya pili, ila chanzo chake ni mteja aliyesimama kwenye kaunta ya kwanza.

Watu wengi hapa huongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 30 au 60. Kosa linapungua, lakini keshia anakaa mbele ya skrini iliyoganda, na siku mteja wa kwanza akichukua dakika nzima, linarudi. Dawa ni kuugawa muamala. Wa kwanza unapunguza saruji, unaandika mauzo yenye hali ya "inasubiri malipo", unathibitishwa na kufungwa. Kazi ya milisekunde chache. Ombi la malipo linatumwa wakati hakuna kufuli lolote. Jibu likija, muamala wa pili, nao mfupi, unabadilisha hali kuwa "imelipwa", au unairudisha saruji kama malipo yamekataliwa. Kazi inaongezeka kidogo, maana sasa lazima kuwe na utaratibu wa kusafisha mauzo yaliyobaki yakisubiri bila jibu. Lakini hiyo ni kazi ya halali. Hali ya kusubiri malipo ipo kweli dukani, na programu inapaswa kuiandika badala ya kuificha ndani ya muamala ulioachwa wazi.

Python ina mtego wake hapa. Kwa mpangilio wake wa kawaida, ukitoa `INSERT` au `UPDATE`, Python inaanza muamala kimyakimya kabla ya amri hiyo, hata kama hukuandika `BEGIN`. Usipoita `commit()`, muamala unabaki wazi na kalamu inabaki mkononi. Programu inaendelea, inatuma baruapepe, inachapa risiti, huku faili limefungwa. Ukilitafuta kosa kwenye mstari uliolalamika hutaliona. Tafuta kila `UPDATE` isiyofuatwa karibu na `commit()`.

Wapo pia waandishi wa mfululizo. Usiku programu inapakia bei mpya za bidhaa 3,000, moja baada ya nyingine, kila moja na muamala wake. Kila uthibitisho lazima usubiri diski ikubali kwamba data imetua kweli, na kwenye diski ya kuzunguka ya kawaida SQLite humudu takriban miamala 60 kwa sekunde. Bei 3,000 zitachukua karibu dakika nzima. Ungedhani katikati ya muamala mmoja na mwingine kaunta itapata upenyo, na kwa kweli hupata, ila si kwa zamu. Anayesubiri hajapangwa kwenye foleni. Analala milisekunde chache, anajaribu, analala tena kwa muda mrefu zaidi, hadi sehemu ya kumi ya sekunde, kisha anajaribu tena. Mpakiaji wa bei, ambaye halali, anaweza kuikamata kalamu tena na tena katika mapengo hayo. Weka bei zote 3,000 kwenye muamala mmoja na kazi itaisha ndani ya sekunde moja, kwa sababu kinachogharimu ni uthibitisho, si mistari yenyewe. Zikiwa laki kadhaa, zigawe kwa mafungu ya elfu chache na upumzike kidogo kati ya fungu na fungu.

Sasa kosa la pili, linalokuja papo hapo hata kama umeweka muda wa kusubiri wa sekunde 30. Hili ndilo linalowachanganya hata wazoefu, nao huishia kusema mpangilio wa kusubiri haufanyi kazi. Unafanya kazi. SQLite imekataa kusubiri kwa makusudi, na ina haki.

Fuata hesabu hii. Saruji stoo ni mifuko 40. Kaunta A inaanza muamala kwa `BEGIN` ya kawaida na kusoma: 40. Kaunta B nayo inaanza muamala na kusoma: 40. `BEGIN` ya kawaida haichukui kalamu. Inamhesabu mtu kuwa msomaji mpaka atakapojaribu kuandika. Kaunta A inaandika 38, yaani imeuza miwili, na inataka kuthibitisha. Katika mtindo wa zamani wa SQLite, kuthibitisha kunahitaji wasomaji wote watoke kwanza, kwa hiyo A inamsubiri B amalize kusoma. Wakati huohuo B, bila kutoka kwenye muamala wake, inataka kuandika 39. Ingeambiwa imsubiri A, pangekuwa na watu wawili wanaosubiriana milele. Zaidi ya hapo, ile 40 ambayo B iliisoma inakaribia kuwa ya zamani. Ikiandika 39 baada ya A kuandika 38, duka litakuwa na mifuko miwili ya kubuni kwenye vitabu. Kusubiri hakuwezi kuifanya 40 iwe kweli tena. Kwa hiyo SQLite inamkatalia B hapohapo.

Anachopaswa kufanya B ni kutengua muamala wake wote kwa `ROLLBACK`, aanze upya, asome tena, aone 38, aandike 37. Na hapa kuna kosa ambalo nimeliona katika programu nyingi: mwandishi anaweka kitanzi kinachorudia amri ya `UPDATE` peke yake mara tano bila kutengua muamala. B inabaki na nafasi yake ya usomaji, A inaendelea kuzuiwa, na mwishowe A pia inaishiwa muda na kulalamika. Kurudia kusikoanza na `ROLLBACK` kunawaumiza wote wawili.

Njia bora ni kutoingia kwenye mtego huo kabisa. Muamala wowote unaojua utaandika uanze kwa `BEGIN IMMEDIATE`, yaani uombe kalamu mwanzoni kabisa, kabla ya kusoma chochote. Akikuta mwingine anayo, atasubiri kwa muda uliowekwa, kwa sababu bado hajasoma kitu cha zamani. Kwa Python inaonekana hivi:

```python
db = sqlite3.connect("duka.db", timeout=10, isolation_level=None)
db.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")

db.execute("BEGIN IMMEDIATE")
try:
    db.execute("UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - ? WHERE id = ?", (2, 7))
    db.execute("COMMIT")
except Exception:
    db.execute("ROLLBACK")
    raise
```

Hapo `isolation_level=None` inaizuia Python isianze miamala kimyakimya, ili kila mwanzo na kila mwisho uonekane kwenye msimbo. Wanaotumia Django, kuanzia toleo la 5.1 wanaweza kuweka `"transaction_mode": "IMMEDIATE"` kwenye mipangilio ya hifadhidata na miamala yote ikaanza hivyo.

Mstari wa pili, wenye `WAL`, unabadilisha namna faili linavyoandikwa. Mtindo huu uliingia SQLite mwaka 2010. Badala ya mabadiliko kuingia moja kwa moja kwenye faili kuu, yanaongezwa mwishoni mwa faili la pembeni, `duka.db-wal`, na baadaye yanahamishiwa kwenye faili kuu. Faida yake ni kwamba wasomaji hawamzuii mwandishi na mwandishi hawazuii wasomaji: meneja anaweza kutoa ripoti ndefu ya mwezi huku kaunta zikiuza. Kwa duka lenye ripoti nyingi, badiliko hili peke yake linaweza kuondoa sehemu kubwa ya makosa. Lakini wanaosema WAL inaruhusu waandishi wengi wanapotosha. Mwandishi bado ni mmoja. Na yule B aliyesoma 40 kisha akataka kuandika bado atakataliwa papo hapo. Kama A amekwisha thibitisha, namba ya kosa ya kina itakuwa 517, `SQLITE_BUSY_SNAPSHOT`.

Programu yenye nyuzi kadhaa ndani ya mchakato mmoja inafuata sheria hizohizo, na kila uzi uwe na muunganisho wake. Baadhi ya watu, wakichoshwa na kosa, huamua nyuzi zote zitumie muunganisho mmoja. Kosa linapotea kweli, maana mtu hajifungii mwenyewe, ila kinachokuja badala yake ni kibaya zaidi: muunganisho mmoja una muamala mmoja, kwa hiyo uzi wa risiti ukiita `commit()` unathibitisha pia mauzo ambayo uzi mwingine ameyafikisha nusu.

Mara nyingine kosa haliishi kabisa, hata usubiri saa nzima. Hapo kuna mtu ameshika kalamu na amelala. Mara nyingi ni programu ya kutazama data, kama DB Browser for SQLite, ambayo mtu alirekebisha bei moja ndani yake, hakubonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaenda kula. Kwenye Linux amri ya `fuser duka.db` au `lsof duka.db` itakuonyesha ni michakato ipi imelifungua faili. Ukiufunga mchakato husika, kufuli linatoka lenyewe, kwa sababu linashikwa na mfumo wa uendeshaji kwa niaba ya mchakato ulio hai. Mchakato ukifa, kufuli linakufa nao. Kuzima kompyuta kwa ghafla hakuachi kufuli nyuma.

Ndiyo maana nasisitiza jambo hili: usifute faili la `duka.db-journal` wala `duka.db-wal` kwa kudhani ndilo kufuli. Hayo si makufuli. La kwanza limebeba kurasa za zamani zinazohitajika kuirudisha hifadhidata katika hali yake baada ya umeme kukatika katikati ya kuandika. La pili linaweza kuwa na mauzo yaliyothibitishwa ambayo bado hayajahamia faili kuu. Ukiyafuta unaweza kuharibu hifadhidata nzima au kupoteza mauzo. Ushauri mwingine unaozunguka ni kulibadilisha jina faili lililofungwa kisha kunakili nakala yake kwa jina la awali. Kosa litaondoka, lakini mchakato ulioshika kufuli utaendelea kuandika kwenye faili la zamani, na mauzo yake hayatafika kwenye nakala mpya.

Mipaka ipo pia. WAL inazitaka programu zote ziwe kwenye kompyuta moja, kwa kuwa zinashirikiana kumbukumbu ya mashine hiyo. Faili likiwekwa kwenye folda ya mtandao ili kompyuta tatu zilifungue kwa pamoja, WAL haifanyi kazi, na hata mtindo wa zamani si wa kutegemewa, kwa sababu mifumo mingi ya mafaili ya mtandao haiyatunzi makufuli ipasavyo. Hapo hatari ni kubwa kuliko kosa kwenye skrini: waandishi wawili wanaweza kupita kwa pamoja bila yeyote kukataliwa, na faili likaharibika kweli. Kama kaunta zako ziko kwenye kompyuta tofauti, weka programu moja kwenye kompyuta yenye faili, kaunta nyingine zitume maombi yao kwake, au hamia PostgreSQL. Kama ziko kwenye kompyuta moja, miamala mifupi inayoanza kwa `BEGIN IMMEDIATE` itakutosha.